Asali Iliyotoka Nyumbani

Siku ya nne mfululizo mwanawe mchanga Thuku alipokosa choo, Idah alianza kumtazama yaya, Mama Kadzo, kwa jicho jingine.

Ajabu ni kwamba Mama Kadzo mwenyewe ndiye aliyeileta habari hiyo. Alimngoja Idah barazani alipotoka kazini, mtoto amemlaza begani, akasema kabla hata ya kumpokea mkoba: "Mama Jedida, huyu mwana hakujisaidia hata leo. Tumbo limewambwa kama ngoma. Mimi jambo hili silipendi."

"Umempa nini?" Idah akauliza.

"Nimpe nini? Maziwa uliyoyaacha kwenye chupa, basi."

Jibu lilikuwa jepesi, nao wepesi wake ndio uliomkaa Idah rohoni. Alimchukua mwanawe, akamnusa mdomo, akamnusa mikono. Hakunusa kitu ila maziwa.

Hiyo ilikuwa mwaka wa themanini na sita, na Idah na mumewe Gerishom walikuwa na mwaka wao wa pili pale Gede. Kwao ni Embu, upande wa Mbeere, kwenye joto na mizinga ya nyuki. Gerishom alifundisha hesabu katika shule ya upili. Idah alishika simu katika hoteli moja ya Watamu, akiwaunganisha Wazungu na jamaa zao wa ng'ambo. Thuku alipotimiza miezi mitatu, likizo ya uzazi na siku alizoomba juu yake zote zikaisha, ikabidi atafutwe mtu wa kukaa naye. Ndipo alipoletwa Mama Kadzo, mjane wa Kigiriama kutoka Marafa, mwanamke wa makamo aliyelea watoto sita wa tumbo lake na wengine wa watu asiowahesabu.

Hakuwa na kosa la kuonyeshwa kwa kidole. Alikuwa msafi, hasemi sana, na dada yake Thuku, Jedida wa miaka mitano, alimpenda kama bibi yake. Lakini wiki ya kwanza tu Idah alikuta mtoto amefungwa kiunoni uzi mweusi wenye ushanga mmoja. Alichukua mkasi akaukata palepale. Mama Kadzo aliinama, akauokota uzi, akaufunga kwenye pindo la leso yake. Tangu siku hiyo Idah aliweka kufuli kwenye kabati ya jikoni, mlimokuwa na sukari, majani ya chai, na mtungi wa asali ambayo mama yake, Wanjira, alimtumia kutoka nyumbani. Ufunguo alitembea nao.

Siku ya tano kilio cha Thuku kilibadilika. Mtoto aliyekuwa akilia mpaka jirani anagonga ukuta, sasa alitoa sauti kama ya paka aliyefungiwa ndani ya gunia. Alinyonya mara mbili tatu, akaacha, maziwa yakamtiririka shavuni. Kope zilimwangukia nusu. Ukimchekesha hakucheka, uso ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi. Homa hakuwa nayo. Idah alimgusa paji la uso kila baada ya dakika kumi, akalikuta baridi.

"Ana usingizi," Gerishom akasema usiku ule.

"Usingizi wa tangu asubuhi? Gerishom, mtoto huyu anapewa kitu. Pale hotelini nimesikia. Yaya anampa mtoto dawa ya mafua alale, yeye apate kupumzika. Au hizo dawa zao za miti."

Gerishom alikuwa mtu wa kupima neno, lakini alikuwa amechoka, na hofu ya mkewe ilimwingia. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Kesho rudi mapema, usimwambie."

Kesho yake Idah aliomba ruhusa saa tano, akafika nyumbani kabla ya adhuhuri. Hakubisha hodi. Alivua viatu barazani, akaingia kwa vidole. Madirisha ya chumba cha mtoto yalikuwa yamefungwa. Mama Kadzo alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, Thuku amelala mapajani mwake, kichwa kimening'inia upande. Alikuwa akimnong'oneza maneno ya Kigiriama huku akimpapasa kifua. Kando yake palikuwa na chupa ndogo ya maji ya kijani, yenye majani ndani.

Idah alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Ni dawa ya magoti yangu, Mama Jedida! Ni ya kuchua!" Mama Kadzo alikuwa akisema. "Mtoto shingo haimsimami tena. Nilikuwa namwomba Mungu. Nilikuwa naangalia kama anapumua. Mpelekeni hospitali, nawaomba, mpelekeni sasa hivi!"

Idah hakusikia ila neno *dawa*. Alimpokonya mtoto. Shingo ya Thuku ilikunjika nyuma kama ya ndege aliyechinjwa, na hapo mama mtu akajua kwamba yaliyobaki yote ni ya baadaye.

Gerishom aliitwa shuleni. Alikodi gari la mwenye duka, wakamkimbiza mtoto Malindi. Lakini kabla gari halijaondoka, alikwisha mwambia jirani ampeleke yule mama kwa naibu wa chifu, akae pale mpaka daktari atoe neno. Chupa ya majani waliifunga kwenye gazeti, wakaichukua kama ushahidi.

Hospitalini walimwekea Thuku oksijeni. Walimtoboa kidole wakatafuta malaria, hawakuiona. Walimchoma mgongo wakatoa maji ya uti, yakatoka safi. Tabibu aliyekuwa zamu alimwanzishia sindano, akihofia kwamba damu imeingia wadudu. Jioni ndipo akafika daktari wa watoto, mtu mwembamba mwenye mvi kidogo, aliyejitambulisha kuwa Dokta Ngala.

Idah alipolisikia jina hilo, moyo ulifunga mlango. Ngala ni jina la huku. Huyu na Mama Kadzo ni watu wamoja.

Daktari hakuwa na haraka. Aliinua mkono wa Thuku akauachilia, ukaanguka. Alimmulika machoni kwa tochi. Alimgonga magoti kwa kinyundo. Kisha akamwita mtoto kwa jina, taratibu, akisogeza uso wake kushoto na kulia, na chini ya zile kope zilizoanguka, macho ya Thuku yakamfuata.

"Akili zake zipo," akasema. "Anatusikia. Mwili ndio umekataa amri. Ulegevu ulianzia wapi, mama? Miguuni?"

"Machoni," Idah akajibu. "Halafu kunyonya. Halafu shingo."

"Na homa?"

"Hana. Daktari, amepewa sumu." Idah akafungua gazeti, akaiweka chupa mezani. "Yaya wetu. Nimemfumania leo."

Dokta Ngala alifungua kizibo, akanusa, akamimina tone kwenye kiganja, akalisugua. "Hii nyanya yangu alijichua nayo miguu. Siwezi kuapa kwamba haina madhara ikinywewa. Lakini kama mtoto alinyweshwa leo, mbona alikosa choo tangu wiki iliyopita?"

"Labda alianza zamani kumpa."

"Labda."

"Au labda," Idah akasema, "wewe pia ni mtu wa hapa, daktari. Unamwonea huruma."

Gerishom alimshika mkono. Muuguzi aliyekuwa ameshika mpira wa kumsaidia mtoto kupumua, endapo angechoka, aliinamisha macho. Daktari alivuta kiti akaketi, magoti yake karibu yaguse ya Idah.

"Mimi ni mtu wa hapa, kweli. Kwa hiyo yaya tumwache kwanza. Niambie siku moja ya mtoto huyu, tangu anapoamka. Usiniambie unalodhani ni muhimu. Niambie kila kitu."

Idah alianza kwa hasira. Thuku huamka saa kumi na moja. Yeye mwenyewe humnyonyesha. Kisha huchemsha chupa, maana hamwamini mtu kwa chupa, akakamua maziwa ya kuacha. Mwanzoni mtoto alikataa mpira wa chupa, akautema, akalia mpaka akapotewa na sauti. Idah alikaribia kuacha kazi. "Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijatoka humwonjesha ile chupa mimi mwenyewe. Naupaka ule mpira asali kidogo, anaushika, halafu..."

"Asali," daktari akasema.

"Ni tone tu. Ni asali safi, si ya kununua barabarani. Imetoka kwa mama yangu, Mbeere. Na mimi huichemsha kwanza. Mama Kadzo hata haijui ilipo, naifungia."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi kazini. Wiki nne." Alimtazama daktari, akaona anahesabu kwa vidole. "Daktari, asali hiyo sote tunaila. Jedida huilamba kila siku. Mimi nililelewa nayo."

Dokta Ngala alinyanyuka akaitisha karatasi ya matibabu, akaandika kwanza kwamba ile sindano ya mchana isirudiwe. "Ikiwa ndilo ninalolidhani, dawa ya jamii ile humzidishia ulegevu," akamwambia muuguzi. Kisha akarudi kwenye kiti.

"Mama, asali yako haikuharibika, wala mama yako hakuitia kitu. Sikiliza. Udongoni na vumbini mna kijidudu kinachojifunga kama mbegu. Nyuki huibeba mbegu hiyo bila kujua, ikaingia katika asali, ikalala humo. Haiharibu ladha, haina harufu. Kuichemsha jikoni hakuiui, hiyo mbegu ni ngumu kuliko maji ya moto. Wewe na binti yako mkiila, inapita. Tumbo lenu limekomaa, limejaa vijidudu vyema visivyoipa nafasi. Lakini tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka ni kama shamba jipya lisilo na mmea. Mbegu inatua, inaamka, inaota humo humo utumboni, inatoa sumu. Sumu hiyo huukata ujumbe kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Utumbo unazubaa, ndiyo sababu ya kukosa choo. Kisha kope, koo, shingo, mikono. Mwisho ni kifua."

"Mwisho ni kifua," Gerishom akarudia.

"Si asali zote zina mbegu hiyo, na si kila mtoto aliyelamba huugua. Ndiyo maana watu wengi hawajaona. Mimi mwenyewe sijaona ila mmoja, nilipokuwa nikisoma ng'ambo. Ugonjwa huu una miaka kama kumi tu tangu utambulike kwa watoto wachanga. Hapa hatuna maabara ya kunithibitishia. Nasema kwa dalili: hakuna homa, akili zipo, ulegevu umeshuka kutoka juu. Polio haiji hivi. Pepopunda ni ndugu wa kijidudu hiki, lakini yeye hukaza mwili. Huyu amelegea."

Idah alitaka kumwambia kwamba anadanganya. Alilitafuta neno la kumwambia, akakuta ndani yake hamna ila mpira wa chupa, umepakwa, unang'aa, na mdomo mdogo ukiupokea kwa furaha. Alikuwa ameufurahia mdomo ule. Kila asubuhi alikwenda kazini na furaha hiyo.

"Kuna dawa?" Gerishom akauliza.

"Dawa yake ni subira na macho. Sumu iliyokwisha shika haivuliwi. Mishipa inajiotesha ncha mpya, polepole. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha hafi wakati anangoja. Tutamlisha kwa mrija wa puani, maziwa yako mwenyewe, mama, uyakamue. Tutamvuta mate asipaliwe. Tutahesabu pumzi zake mchana na usiku."

Zikafuata siku tatu ambazo Idah baadaye hakuweza kuzipanga ipi ilitangulia ipi. Thuku alipumua kwa tumbo tu, kifua kimelala. Mara mbili midomo iligeuka rangi, na mara mbili muuguzi akamfunika kwa ule mpira akamsukumia hewa mpaka rangi ikarudi. Idah alikamua maziwa, akayatazama yakishuka kwenye mrija. Hakuomba. Aliona haya kuomba.

Siku ya nne, hali ilipokuwa haizidi wala haipungui, Gerishom alikuja na nguo safi. Alipoziweka chini akasema, "Yule mama."

Idah akafumba macho. "Bado yuko kule?"

"Walimlaza usiku mmoja kwenye chumba cha askari tawala, halafu wakamwambia aende kwao ila asubiri kuitwa. Gede pote wanasema alimloga mtoto. Jana mwenye duka amekataa kumuuzia unga mtu aliyeonekana akiongea naye."

"Umewaambia?"

Gerishom alikunja shati la mtoto, akalikunjua, akalikunja tena. "Niwaambie nini? Kwamba ni wewe?"

Hakulisema kwa ukali, lakini lilisimama kati yao kama mtu wa tatu. Idah akatambua kwamba mumewe alikuwa akilificha jambo hilo kwa kumhurumia, na kwamba huruma hiyo ilikuwa ikiliwa na mtu mwingine.

"Nitawaambia mimi," akasema.

Alimwachia Gerishom kiti, akapanda gari hadi Gede na nguo zilezile zilizonuka maziwa. Naibu wa chifu, mzee aitwaye Kenga, alikuwa na watu sita mbele ya meza. Idah hakungoja zamu. Alisema wazi, kila mtu akisikia, kwamba Mama Kadzo wa Marafa hakumpa mtoto kitu. Kwamba yeye, mama mzazi, alimlambisha asali isiyopasa kupewa mtoto wa umri ule, bila kujua. Na kwamba yule mama ndiye wa kwanza kuona ugonjwa na wa kwanza kusema mtoto apelekwe hospitali.

"Asali?" Mzee Kenga akauliza. Wale watu walitazamana. Mmoja alicheka kidogo, cheko la mtu anayeona anachezewa. "Binti yangu, asali ni dawa. Nani amekulipa useme hivi? Au umetishwa?"

"Sijatishwa na mtu. Iandike, mzee. Iandike na jina langu chini."

Aliandika. Idah alijua hakuamini. Alijua pia kwamba barua ya kumwandikia mama yake Wanjira itakuwa ngumu kuliko hii, na usiku huo aliianza mara tano wodini kabla ya kupata sentensi ya kwanza: *Mama, hukukosea, wala asali haina kosa, lakini tafadhali mwambie kila mwanamke wa huko.*

Siku ya kumi na mbili kope za Thuku zilipanda. Siku ya kumi na tisa alilia, sauti nyembamba, na muuguzi akaacha trei akaja kusikiliza kama wimbo. Wiki ya tano alinyonya mpaka akashiba bila mrija. Walipotoka hospitalini, shingo bado iliyumba, na Dokta Ngala akawaonya wasishangae akichelewa kukaa.

Ilikuwa zaidi ya miezi miwili tangu siku ile ya ukelele Idah alipokwenda Marafa, peke yake na mtoto mgongoni. Alimkuta Mama Kadzo uani akipukuchua mahindi. Alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

Mama Kadzo alikusanya kwanza punje zote kwenye ungo, hata zilizorukia mbali. "Marahaba," akasema mwishowe. "Habari zilinifika. Kwamba ulisimama mbele ya Kenga."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikutilia shaka tangu siku ya kwanza. Hata kabla hujafanya lolote."

"Najua. Kufuli niliiona." Alinyoosha mikono. "Nipe huyo."

Idah akamfungua mtoto, akampa. Mama Kadzo alimsimamisha mapajani, akamshika mbavu, akamtazama shingo kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua nyumba aliyoiacha na moto jikoni. Thuku alimkazia macho, kisha akamshika pua.

"Radhi nimekupa," akasema. "Lakini kazi kwako sirudi. Nililala kwenye chumba cha askari, mama. Nikilala kwako tena nitakuwa nasikia ule ukelele."

"Nimeelewa."

Kutoka ndani ya nyumba kichanga kililia. Msichana mmoja alikitoa nje, kichanga cha siku chache kilichofungwa leso. Ni Kadii, binti wa mwisho wa Mama Kadzo, aliyekuja kujifungulia kwao. Kadii alisalimu bila kumtazama mgeni usoni, akaingia tena upesi.

Mama Kadzo akauliza, sauti yake imebeba mtihani: "Juzi mamake mumewe Kadii ameleta asali, tumpake huyu mwana ulimini. Mimi nimesema ngojeni. Wananiona nimechanganyikiwa. Sasa niambie wewe, macho kwa macho. Ni kweli, au ni maneno uliyoyatunga uniondolee aibu?"

"Ni kweli."

"Hata tone?"

"Langu lilikuwa tone."

"Hata ikichemshwa? Hata ikitiwa kwenye uji au maji?"

"Hata hivyo. Mpaka atimize mwaka mzima. Akiwa na miezi kumi na mmoja, bado mngoje."

Mama Kadzo alimtazama, naye Idah akayavumilia macho yale, akijua vizuri yalikuwa yakitafuta nini usoni mwake. Mwanamke yule alimrudishia mtoto, akainuka kwa kujishika magoti, akaingia ndani. Idah alisikia maneno ya Kigiriama yakipandishana, ya Kadii na ya mama yake, na sauti ya tatu ya mwanamke mzee aliyekasirika, yule mkwe aliyeleta asali. Mwishowe Mama Kadzo akatoka na kibuyu cha asali, akakiweka juu ya paa la banda la mbuzi, mahali ambapo yeye tu, kwa urefu wake, angeweza kukifikia.

"Kaa," akamwambia Idah, akimsogezea kigoda. "Yule bibi anataka aje akusikie mwenyewe. Na hatakuamini upesi, ujue."